Kijani nunua, nyekundu uza: kwa nini nimeitoa ile klipu

Mwaka jana nilitoa klipu ya sekunde 40 kuhusu Supertrend. Nilifungua chati, nikaonyesha ule mstari, nikasema: "Ukigeuka kijani, nunua. Ukigeuka nyekundu, uza. Hakuna kingine." Hiyo ndiyo klipu yangu iliyotazamwa zaidi ya zote. Kisha majuzi kijana mmoja akanitumia ujumbe: "Buda, nimefuata mstari wako wiki nzima. Umegeuka mara 5 na zote nimepigwa. Hiyo ilikuwa doo ya nyumba."

Sikumjibu siku hiyo. Nilifungua historia ya akaunti yangu mwenyewe, kitu ambacho nilikuwa nikikikwepa, na nikakuta hadithi ni ile ile: hasara ndogo ndogo zikifuatana, halafu faida moja kubwa, halafu hasara tena. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sitajifanya mhadhiri hapa. Lakini hesabu inayoeleza kilichompata ni ya kujumlisha na kutoa tu, na ningeifanya kabla ya kuwasha kamera.

Tuanze na mstari wenyewe. Ndani ya Supertrend kuna kipimo kinaitwa ATR, ambacho J. Welles Wilder alikichapisha kwa kitabu chake cha 1978. ATR inakuambia kwa wastani mshumaa mmoja unatembea umbali gani, ukihesabu pia pengo kutoka pale mshumaa uliopita ulipofungia. Haisemi bei inaenda juu au chini, inasema tu inarukaruka kiasi gani. Supertrend inachukua katikati ya mshumaa, inaongeza ATR mara tatu kupata ukingo wa juu, na inatoa ATR mara tatu kupata ukingo wa chini:

```
juu  = (High + Low) / 2 + 3 * ATR
chini = (High + Low) / 2 - 3 * ATR
```

Hiyo 3 ndiyo utaiona kwa setingi kama Factor, na ATR Length huwa 10. Bei ikipanda, unaonyeshwa ukingo wa chini pekee, rangi ya kijani. Na huo ukingo una tabia moja: unapanda, lakini haurudi chini. Bei ikianza kushuka, mstari unabaki pale pale ukingoja. Mshumaa ukifungia chini yake, mstari unaruka upande wa juu na kuwa nyekundu. Hapo sasa ni ukingo wa juu, ambao unashuka tu na haupandi.

Sasa tuweke namba nyepesi. Chukua EUR/USD, mishumaa ya saa moja, ATR iwe pip 10. Kwa hivyo mara tatu ni pip 30. Bei imepanda hadi kilele, katikati ya mshumaa ni 1.0870, basi mstari wa kijani uko 1.0840. Bei inarudi chini, mstari hausongi. Mshumaa unafungia 1.0836. Umegeuka! Unauza hapo kwa 1.0836.

Kumbuka kilele kilikuwa 1.0870. Wewe unaingia wakati bei imeshatembea pip 34 bila wewe. Hilo si kosa la indiketa, ndivyo ilivyojengwa: lazima bei irudi nyuma karibu ATR tatu ndipo ikuambie kitu.

Bei inaendelea kushuka, lakini kidogo tu. Inafika chini kabisa, katikati ya mshumaa 1.0828. Mstari mwekundu sasa uko 1.0858. Kisha bei inapanda, mshumaa unafungia 1.0860, mstari unakuwa kijani tena. Ukifuata klipu yangu unafunga ile ya kuuza na unanunua hapo hapo. Uliuza 1.0836, umetoka 1.0860. Umepoteza pip 24, na bado hatujatoa spredi ya broka.

Angalia vizuri: bei ilishuka kweli, na uliuza kweli wakati inashuka. Bado umepoteza. Kwa nini? Kwa sababu mstari unakula ATR tatu ukiingia na ATR tatu ukitoka. Jumla ni sita. Safari yote kutoka kilele hadi bonde ilikuwa pip 42, yaani ATR nne na kidogo. Haikutosha kulipa nauli ya kwenda na kurudi.

Hili ndilo ningetaka ubaki nalo. Kwa Factor ya 3, safari ya chini ya ATR tatu kwa kawaida haigeuzi mstari, kwa hivyo haikusumbui. Safari ndefu kuliko ATR sita ndiyo huanza kukulipa. Lakini ile ya kati, ATR tatu hadi sita, inageuza mstari kila mara na kila mara unalipa wewe. Soko likikaa hapo wiki nzima, utapigwa mara 5 mfululizo na mstari utakuwa umefanya kazi yake sawasawa kabisa.

Najua kuna mtu ameshafikiria kushusha Factor iwe 2. Nimejaribu. Unaingia mapema, ni kweli, lakini umehamisha tu eneo la kuumia: sasa ni kati ya ATR mbili na nne, na soko huwa na safari fupi kama hizo kila siku. Utageuzwa mara nyingi zaidi na spredi utalipa mara nyingi zaidi.

Kwa hivyo siku hizi kabla ya kuufuata mstari ukigeuka, narudi nyuma kwa chati na kupima safari tatu au nne za mwisho, kilele hadi bonde, nazigawa kwa ATR. Zikiwa nne, tano, nne, nakaa kando. Hii haitabiri kesho. Kuna siku nitakaa kando na bei iondoke bila mimi, na imeshanitokea.

Pili, nangoja mshumaa ufunge. Mshumaa ukiwa bado hai, mstari unaweza kugeuka nyekundu saa nne na dakika 20, na kufika saa tano umerudi kijani kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukiangalia chati ya jana huwezi kuona huo ugeukaji. Ndiyo maana ya jana huonekana safi sana.

Tatu, saizi. Katika mfano wetu, mstari mwekundu ulipotokea ulikuwa karibu 1.0872, pip 36 kutoka ulipouzia. Hapo ndipo stopu yako inakaa. Kwa loti 0.01, pip moja ni senti 10 za dola, kwa hivyo unahatarisha dola 3.60. Kwa loti 0.10 ni dola 36. Kwa akaunti ya dola 200, mapigo matano ya pip 24 kwa loti 0.10 ni dola 120, na kwa loti 0.01 ni dola 12. Mstari ni ule ule na makosa ni yale yale.

Hatimaye nilimjibu yule kijana. Nilimwuliza alitumia loti gani. Akasema 0.10, kwa sababu ndiyo iliyoonekana kwa skrini yangu kwenye ile klipu.

Nilikuwa kwa akaunti ya demo. Sikusema.