Kumshukuru aliyemlipia mwanao ada bila kuonekana unaomba tena

Binti yangu anasoma Kidato cha Tatu katika shule ya bweni ya binafsi, na ada yake hatulipi sisi wazazi. Analipa mzee mmoja wa nje, mwalimu mstaafu, ambaye mume wangu alimbebea mzigo Mlima Meru, kutoka geti la Momela mpaka kambi ya Saddle. Waliongea njiani, mzee akauliza habari za watoto, na miezi michache baadaye akaandika kwamba angependa kumsomesha mmoja wao.

Hapa kwetu Arusha barua za kumshukuru mfadhili si jambo geni. Shule ya St Jude pale Moshono, iliyoanza mwaka 2002, wanafunzi wake huwaandikia wafadhili kupitia shuleni. Watoto wa vituo vya makanisani vinavyoshirikiana na Compassion nao barua zao hupitia kituoni. Kama mwanao yuko kwenye utaratibu wa namna hiyo, ufuate, wala usimtafute mfadhili pembeni. Sisi hatuna ofisi katikati. Ni mimi, binti, simu, na mzee. Kila neno tunalichagua wenyewe.

Sentensi iliyotuletea mjadala mrefu zaidi nyumbani ni hii, binti aliiandika kwa mkono wake: "Tunaomba uendelee na moyo huo huo." Kwetu hayo ni maneno ya adabu tu, unayasikia kwenye kila harusi na kila harambee. Lakini msomaji asiyekulia kwetu anaona neno "tunaomba", halafu "uendelee", na anajua kinachoendelea ni malipo. Shukrani yote iliyotangulia inageuka kuwa utangulizi wa ombi. Tuliifuta. Mahali pake binti aliandika, "Ada ya muhula huu imelipwa, na nimekaa darasani tangu siku ya kwanza shule ilipofunguliwa." Hiyo ni shukrani, tena inamweleza mzee kilichofanywa na pesa yake.

Jambo la pili ni wakati wa kuandika. Shule zinafunguliwa Januari, na Januari hiyo hiyo ndipo awamu ya kwanza ya ada inapodaiwa. Barua ndefu ya upendo ikifika wiki hiyo, hata uwe na nia safi namna gani, inasomeka kama ankara iliyopambwa. Kwa hiyo sisi tunashukuru siku risiti ya shule inapotoka, kwa mistari mitatu na picha ya risiti. Habari ndefu tunaziandika likizo ya Juni, wakati hakuna anayedaiwa. Ankara ya shule mzee mwenyewe alitaka tumtumie kila Desemba, na tunaituma peke yake, kavu, bila hadithi. Mlichokubaliana si kuomba, na hakihitaji kufunikwa na maneno matamu.

Kwenye risiti kuna kitu kidogo ambacho wazazi wengi hukiruka, nacho ni chenji. Mwaka jana fedha alizotuma, baada ya kubadilishwa, zilizidi ada kwa shilingi 46,000. Tulimwandikia kwamba zimezidi kiasi hicho, na kwamba zimenunua rimu mbili za karatasi zilizotakiwa na shule pamoja na daftari kubwa. Hakuuliza, na sidhani kama angeuliza. Lakini mtu akiona hata elfu arobaini na sita ina maelezo, hana haja ya kujiuliza kuhusu zile milioni.

Sasa maendeleo yenyewe. Mtihani wa upimaji wa Kidato cha Pili binti alipata divisheni ya pili, pointi 18. Mzazi wa hapa anashangilia mara moja. Mzee wa nje akisoma "divisheni ya pili" anaweza kudhani amekuwa wa pili darasani, na akiona 18 anaweza kudhani ni 18 kati ya 100. Kwa hiyo binti alimweleza hivi: kwetu alama A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, na kuendelea mpaka F ambayo ni 5. Zinajumlishwa pointi za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, na pointi zikiwa chache ndiyo bora. Yeye alipata B tatu, za Kiswahili, Kiingereza na Biolojia, ambazo ni 6, na C nne ambazo ni 12. Jumla 18. Divisheni ya kwanza inaishia pointi 17, maana yake aliikosa kwa pointi moja.

Hisabati alipata D, na kwa kuwa haikuingia kwenye yale saba, tungeweza kunyamaza. Tuliitaja. Kidato cha Kwanza alikuwa na 21 kati ya 100, ambayo ni F. Sasa ana 38. Aliandika namba zote mbili na sababu: kuna wasichana watatu bwenini wanaofanya maswali ya Hisabati pamoja kila Jumamosi jioni. Nadhani mwalimu mstaafu alifurahia hilo kuliko zile B. Ila hatukuandika "angekuwa na mwalimu wa tuisheni angefanya vizuri zaidi." Sentensi ya namna hiyo haitaji pesa, lakini inamwachia msomaji kazi ya kufanya. Ndivyo ninavyopima kila mstari: akimaliza kuusoma, je, amebaki na deni la kujibu kwa mfuko? Kama ndiyo, ni ombi, hata kama hakuna neno "naomba" ndani yake.

Kipimo hicho kilitubana Juni iliyopita. Mume wangu aliumia goti akishuka kambi ya Miriakamba na ameacha kubeba mizigo. Kipato cha nyumba kimeshuka, hilo halifichiki. Binti alitaka tusiandike kabisa, maana ingeonekana tunalia shida. Mimi nilikataa. Mzee alimfahamu huyu mtu mlimani, walikula pamoja. Kumnyamazia ni kumfanya mashine ya kutoa fedha, si rafiki. Tuliliweka katikati ya barua, si mwishoni ambako lingening'inia kama mkono ulionyooshwa, na tuliandika pamoja na tulichokwisha kufanya: "Baba aliumia goti mwezi Aprili na hapandi tena Meru. Sasa anashughulika na migomba na kahawa nyumbani, na mama anauza ndizi soko la Tengeru Jumatano na Jumamosi." Aya iliyofuata ilikuwa ya Hisabati.

Na kama siku moja tutalazimika kuomba kweli, tutaomba. Tutaandika ujumbe wake peke yake, wenye kiasi, sababu, na sentensi inayomruhusu akatae bila aibu. Kuliko kuchomeka ombi ndani ya asante, afadhali hivyo; mtu akishaligundua mara moja, kila asante inayofuata ataipekua.

Jibu lake lilifika baada ya wiki mbili. Aliuliza ni goti la kulia au la kushoto, kwa sababu na yeye ana lake, na akataka kujua wale wasichana watatu wa Jumamosi wanatumia kitabu gani.