Bahasha ya risasi iliyomtoa staa mahakamani

Klipu mliiona wote. Staa mkubwa wa Hollywood, umri umekwenda, suti safi, anavua miwani na kulia kama mtoto mbele ya kamera za mahakama, halafu anamkumbatia mkewe. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 12 Julai 2024, mjini Santa Fe, jimbo la New Mexico. Mitandaoni watu wakaandika "pesa imeongea" na stori ikaishia hapo.

Kumbe siku ile hakuna aliyesema jamaa hana hatia. Juri haikupiga kura yoyote, ilikuwa imerudishwa nyumbani asubuhi. Kilichoiua kesi ni bahasha moja ya risasi ambayo serikali ilikuwa nayo kabatini kwa miezi minne bila kuwaambia mawakili wa staa.

Turudi nyuma kidogo. Oktoba 2021 staa huyu alikuwa anatengeneza filamu ya kichoboi inayoitwa Rust, kwenye ranchi moja nje ya Santa Fe. Wakiwa wanajiandaa kwa tukio ndani ya kanisa la kuigizia, bastola aliyoishika ikatoa risasi ya moto. Ikampiga mwanamama aliyekuwa mpiga picha mkuu wa filamu, mama wa mtoto mmoja, akafariki. Risasi ikampata na mwongozaji begani, yeye akapona. Staa alisema hakuvuta kifyatuo na aliambiwa bastola ni salama. Serikali ikasema alikuwa mzembe, ikamshtaki kwa kuua bila kukusudia, kosa ambalo kule lingeweza kumpeleka jela miezi 18.

Sasa kwenye seti ya filamu risasi ya moto haitakiwi kuwepo hata moja. Zinazotumika ni za bandia, ambazo kwa macho zinafanana kabisa na za kweli. Tofauti ni kwamba hazina baruti, na nyingi zimewekewa kigololi ndani, ukiitikisa karibu na sikio inagonga. Ndio kazi ya msimamizi wa silaha, kuzitikisa moja moja. Binti aliyekuwa na kazi hiyo alihukumiwa kwanza. Tarehe 6 Machi 2024 juri ilimkuta na hatia, baadaye akapewa miezi 18. Ila swali moja halikupata jibu lililomaliza ubishi: zile risasi za moto zilifikaje pale? Serikali ilisema binti ndiye aliyekuja nazo. Upande wake ulimnyooshea kidole muuzaji aliyeleta vifaa vya filamu. Muuzaji akakana, na hajawahi kushtakiwa kwa lolote.

Sikilizeni sasa. Siku ileile binti anakutwa na hatia, askari mmoja mstaafu, rafiki wa baba yake, alikwenda ofisi ya sherifu na risasi mkononi. Akawaambia hizi zinaweza kuwa na uhusiano na zile za Rust, zichukueni. Zikapokelewa na fundi wa vielelezo. Akaandika ripoti, akazifunga, akazitunza. Mpaka hapo hakuna kosa. Kosa lilikuwa kwenye kuandikisha: hazikuwekwa kwenye jalada la Rust. Zilipewa namba nyingine ya jalada, kana kwamba ni kesi nyingine kabisa.

Kwa asiyejua mambo ya polisi inaonekana kitu kidogo, namba tu. Lakini wakili wa utetezi haruhusiwi kuingia stoo ya polisi akaanza kupekua makabati. Anachofanya ni kuandika barua: nipeni kila kitu mlichonacho kwenye jalada namba fulani. Anapewa orodha ya vielelezo, anapewa ripoti, anakwenda kuviangalia vile vilivyomo kwenye orodha. Kitu kikikaa chini ya namba nyingine, kwake hakipo duniani. Mawakili wa staa walikuwa wameomba vitu vyote vinavyohusu risasi. Walipelekwa, wakaoneshwa, wakaondoka. Bahasha ile haikuwa mezani.

Kesi ikaanza Julai. Juri ikachaguliwa, pande zote mbili zikatoa hotuba za kufungua, mashahidi wakaanza kupanda. Alhamisi tarehe 11 akapanda yule fundi wa vielelezo. Wakili wa staa akamuuliza taratibu tu: hivi kuna mtu aliwahi kukuletea risasi akisema zinahusiana na kesi hii? Ndiyo. Ziko wapi? Jioni hiyohiyo mawakili wakapeleka ombi kesi ifutwe.

Ijumaa asubuhi jaji aliwaambia juri waende nyumbani. Akaagiza bahasha iletwe. Halafu mama yule akafanya kitu ambacho hakionekani hata kwenye muvi: akashuka kutoka kwenye kiti chake, akavaa glavu, bahasha ikakatwa mbele ya watu wote, risasi zikamwagwa mezani na yeye mwenyewe akazikagua. Upande wa mashtaka ulikuwa umeshikilia kwamba hazifanani na zile za kwenye seti. Pale mezani ikaonekana baadhi yake zinafanana kwa kuangalia, mpaka aina ya ganda. Waliposema hazifanani walikuwa hawajazipima popote. Mwendesha mashtaka mkuu yeye alikuwa ameona picha tu.

Watu wa sherifu wakaanza kupandishwa mmoja mmoja. Nani aliamua zipewe namba nyingine? Mpelelezi mkuu akasema mwendesha mashtaka alikuwepo kwenye mazungumzo hayo. Mwendesha mashtaka mwenzake akajiuzulu siku hiyohiyo, kesi ikiwa bado inaendelea. Na yule mkuu, katika kitu kinachoonekana kwa nadra sana, akajiita mwenyewe kizimbani kuwa shahidi kwenye kesi anayoiendesha. Akaapa kwamba hakuficha kitu makusudi, kwamba aliamini risasi zile hazina uhusiano wowote na kifo kile.

Tumsikilize kidogo, maana hoja yake si ya kijinga. Staa alishtakiwa kwa jinsi alivyoishika bastola. Hakushtakiwa kwa kuleta risasi. Hata zingekuwa zimetoka kwa nani, bado swali lilikuwa kama alielekeza bastola kwa mtu na kuvuta kifyatuo. Kwa hiyo bahasha ingemsaidia nini?

Hapa ndipo sheria ya Marekani inapokuwa tofauti na mawazo ya kijiweni. Tangu mwaka 1963, kwenye kesi ya mtu aitwaye Brady dhidi ya jimbo la Maryland, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilisema serikali lazima ikabidhi kwa mshtakiwa ushahidi unaoweza kumsaidia. Brady na mwenzake walishtakiwa kwa mauaji. Mwenzake alikuwa amekiri kwamba yeye ndiye aliyeua kwa mikono yake, na serikali ikakalia maelezo hayo wakati Brady anahukumiwa kifo. Mahakama ikasema haijalishi serikali ilificha kwa nia mbaya au kwa bahati mbaya. Na tangu 1995 imewekwa wazi kwamba mwendesha mashtaka hawezi kujitetea kwa kusema "sikujua, walikuwa nayo polisi". Kilichoko stoo ya polisi kinahesabiwa kiko mkononi mwake.

Ila na mshtakiwa hashindi kirahisi. Anatakiwa aoneshe mambo matatu: kwamba kitu kile kingemsaidia, kwamba serikali haikukitoa, na kwamba kukosekana kwake kumemuumiza kweli kwenye kesi. Hilo la tatu ndilo linawaangusha wengi. Brady mwenyewe hakuachiwa, alipata tu nafasi ya adhabu yake kuangaliwa upya. Kumbuka pia kwamba kitu "kumsaidia" mtu si lazima kimsafishe. Kinaweza kuwa kitu cha kumbana nacho shahidi. Hebu fikiria wakili wa staa angekuwa na bahasha ile mwezi Aprili. Angezipeleka kwa mtaalamu wake zipimwe. Angemtafuta yule mstaafu. Angewauliza polisi mbele ya juri: mnasema mlichunguza risasi zilitoka wapi, mbona hizi mliletewa mkazifungia? Juri ikishaanza kuwa na mashaka na uchunguzi wenyewe, kila shahidi wa polisi anapungua uzito. Badala yake alisimama mbele ya juri na hotuba iliyoandikwa bila kujua, akawahoji mashahidi bila kujua, na huwezi kuwaambia watu 12 wasahau walichosikia.

Jaji alikuwa na njia nyingine. Angeweza kuahirisha kesi wiki kadhaa mawakili wazipime. Angeweza kuvunja juri ile, kesi ianze upya na watu wapya. Akakataa zote. Alisema serikali ilizuia ushahidi ule makusudi, tena kwamba kama hiyo si nia mbaya, basi imeisogelea kiasi cha kuonesha alama za kuungua. Hakuona namna ya kurekebisha. Akaifuta kesi kwa namna ambayo haiwezi kufunguliwa tena milele. Hapo ndipo ile klipu ya machozi.

Ilikuwa adhabu kubwa, na aliyepewa ni serikali. Hili ndilo wanaosema "pesa imeongea" wanalipita. Ingawa tuwe wakweli, pesa ilikuwa na kazi yake: ilinunua mawakili wa kujua swali la kumuuliza fundi wa vielelezo. Swali lenyewe lilikuwa fupi tu. Mshtakiwa ambaye wakili wake ana majalada 80 mezani asingeulizwa kwa niaba yake, na bahasha ingeendelea kulala.

Binti wa silaha naye alijaribu mlango uleule. Akaomba kesi yake ifutwe au irudiwe, kwa sababu risasi zilikuwa zilezile. Septemba 2024 jaji yuleyule akamkatalia. Kwake mambo yalikuwa tofauti: wakili wake alikuwa anajua habari za risasi hizo za mstaafu kabla, na hakuzitumia. Huwezi kusema umefichwa kitu ambacho upande wako ulikijua. Akamaliza kifungo, akatoka kwa masharti mwaka 2025.

Mwendesha mashtaka aliomba jaji abadili uamuzi, akagonga mwamba, akaanza safari ya rufaa, na Desemba 2024 akaiondoa. Mwezi mmoja kabla, Rust yenyewe ilikuwa imeoneshwa kwa mara ya kwanza, kwenye tamasha la wapiga picha wa filamu huko Toruń, Poland, kwa heshima ya marehemu. Mama yake mzazi alikataa kwenda. Alisema mtu yule hajawahi kumwomba msamaha.