Wazee Wetu na Taabu ya Kufunga Choo

Maradhi mengine husemwa barazani na mengine hufichwa hata kwa mtoto wa kumzaa. Kufunga choo ni katika haya ya pili. Mzee ataueleza mguu wake na jicho lake, lakini tumbo husema tu kwamba "limekaa vibaya", akanyamaza. Kwa sababu ya kunyamaza huko ndipo mambo hufika mbali, na mimi nimeyaona yakifika mbali nyumbani kwetu, kwa shangazi yangu wa miaka sabini na sita.

Kwanza tuelewane maana ya neno. Si kila asiyekwenda haja kubwa kila siku amefunga choo. Wako watu wenye afya waendao mara moja katika siku mbili, na hilo kwao ni la kawaida. Aliyefunga choo ni yule ambaye hapati haja hata mara tatu kwa juma, au aipata kwa kujikamua, choo kigumu kama mbegu, na akiinuka bado aona kwamba hakumaliza. Hali hiyo ikiendelea kwa miezi, huwa si shida ya siku mbili ya safari, bali ni maradhi ya kudumu yatakayo kuangaliwa.

Shangazi alikuwa hivyo kwa muda wa miezi minne bila ya mtu kujua. Tulichokiona sisi kilikuwa kinyume chake kabisa: katika mwezi wa Shaabani alianza kuharisha. Maji maji yalimtoka bila kujizuia, mara tano au sita kwa siku, nguo zikachafuka. Mwanamke aliyekuwa hakosi maulidi wala matanga akaacha kutoka nyumbani kwa kuchelea najisi, na mswala wake akautandika karibu na mlango wa choo. Mwuza dawa mmoja akampa loperamidi, yaani vidonge vya kufunga tumbo. Kwa siku mbili maji yakapungua, kisha yakarudi pamoja na maumivu, na chakula akawa hakitaki.

Daktari tuliyempelekea, mwanamke wa makamo mwenye subira, hakuanza na mashine. Alimwambia, "Bibi, niwie radhi, yanipasa nikupime kwa kidole." Shangazi akamjibu, "Fanya, mwanangu, aibu imekwisha kunitoka siku nyingi." Akavaa glavu, akapaka mafuta, akapima. Ilichukua dakika moja. Puru, yaani ule mwisho wa utumbo mpana, ilikuwa imejaa donge la choo kigumu. Yale maji tuliyodhani ni kuharisha yalikuwa ni choo chepesi kilichotoka juu, kikapenya pembezoni mwa donge, mithili ya maji ya mfereji yapitayo kando ya jiwe lililouziba. Basi ile dawa ya kuzuia kuharisha ilikuwa ikizidi kulikaza jiwe.

Hili nalitaka lishikwe na kila mwenye mzee nyumbani. Mzee aliyekuwa akipata choo kwa shida, kisha ghafula akaanza kuvuja maji maji asiyoweza kuyazuia, asipewe dawa ya kufunga tumbo kabla ya kupimwa kwa kidole.

Baada ya hapo daktari akaomba aletewe dawa zote za nyumbani, si karatasi zake tu. Tukammwagia mezani mfuko mzima. Akaziweka mbali mbali, na tatu katika hizo akazisogeza kando.

Ya kwanza ilikuwa kodeini, aliyoandikiwa kwa ajili ya magoti. Dawa za jamii ya afyuni huutuliza utumbo kama zitulizavyo maumivu. Mwendo wake hupungua, na kadiri choo kinavyokawia ndani ndivyo utumbo mpana unavyozidi kukinyonya maji mpaka kikawa kikavu. Tena mwili huzoea usingizi na kichefuchefu cha dawa hizi, lakini utumbo hauzizoei. Kwa hiyo apewaye kodeini au mofini kwa siku nyingi hupasa apewe na dawa ya kulainisha choo tangu mwanzo. Ya pili ilikuwa amitriptilini, aliyopewa zamani ili apate usingizi. Dawa hii hukausha: hukausha kinywa, huzuia mkojo, na hulegeza mwendo wa matumbo. Ya tatu ilikuwa vidonge vya madini ya chuma "vya kuongeza damu". Katika vile vilivyobaki kilikuwamo kidonge cha presha cha kuongeza mkojo, ambacho humpunguzia mtu maji mwilini. Hicho hakukiondoa, ila alikiandika ili akitazame baadaye.

Hakuna dawa hata moja katika hizo iliyokuwa mbaya kwa peke yake. Ziliandikwa na watu watatu, kila mmoja kwa sababu yake, na hapana aliyezitazama pamoja. Wala msomaji asiifanye habari hii kuwa ruhusa ya kumtupia mzee dawa zake. Amitriptilini yenyewe ilipunguzwa kidogo kidogo kwa majuma, na ziko dawa za presha na za moyo ambazo kuziacha ghafula ni hatari kuliko kufunga choo.

Magoti nayo yalikuwa na sehemu yao. Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Shangazi alipoona kuinuka kwamtesa, akawa huizuia haja mpaka ipite. Puru inayozuiwa mara kwa mara hupoteza hisia, na haja haiji tena kwa wakati. Na kwa kuwa usiku aliogopa kuamka, maji alikunywa kidogo sana. Kahawa vikombe viwili na glasi moja ya maji, basi.

Matibabu yakaanza kwa kuliondoa donge. Muuguzi alilivunja na kulitoa kwa kidole polepole, na baadaye shangazi akapewa unga uitwao makrogoli, unaochanganywa na maji, ambao huyashika maji hayo ndani ya utumbo na kulainisha choo. Kwa siku chache alipewa kwa wingi chini ya macho ya daktari, kisha pakiti moja kila siku kwa miezi miwili. Kodeini ikaachwa, akawekewa parasetamoli na dawa ya kuchua.

Jirani mmoja mwenye huruma alileta chumvi ya haluli. Daktari aliikataa kwa nguvu, maana ndani yake mna magnesi, na figo za wazee aghalabu hazina nguvu ya kuitoa. Ikijikusanya katika damu huweza kumlegeza mtu hata akazimia. Sanamaki hakuikataa. Alisema ni dawa ya kweli, huuamsha utumbo baada ya saa nane mpaka kumi na mbili, kwa hiyo hunywewa usiku ili ifanye kazi asubuhi. Ila itumiwe kwa kipimo, katika vidonge vyenye kiasi kinachojulikana, wala si kwa kuchemsha gao zima la majani.

Sasa chakula. Watu wengi wakisikia "kufunga choo" hukimbilia nyuzinyuzi, yaani yale makapi ya mboga, nafaka na matunda yasiyoyeyuka tumboni. Ni kweli zafaa, lakini zina wakati wake. Lau tungalimpa shangazi pumba na mboga nyingi hali donge limeziba, tungalimjaza tu nyuma ya kizuizi, tumbo likavimba. Kadhalika mtu ambaye utumbo wake umelegezwa na dawa za jamii ya afyuni hapati faida kubwa kwa makapi mengi. Njia ikisha kufunguka, ndipo nyuzinyuzi huongezwa, nazo kwa polepole, katika majuma mawili au matatu, kwani kuziongeza kwa siku moja huleta gesi na maumivu. Mtu mzima ahitaji kama gramu 25 kwa siku. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina zaidi ya gramu 10, na kikombe cha wali mweupe hakifiki gramu 2. Sisi tulianza na papai asubuhi, kunde au maharage mchana mara nne kwa juma, mchicha, na unga wa dona badala ya sembe. Wali wake wa nazi wa Ijumaa hatukuugusa.

Nyuzinyuzi bila ya maji ni kama unga bila ya maji. Lakini maji nayo husifiwa kupita kiasi: mwenye kunywa ya kutosha, kumwongezea lita mbili hakumlainishii choo, atakwenda haja ndogo tu. Yamfaa yule aliyepungukiwa, na wazee wengi wamepungukiwa bila kujua, kwa sababu kiu hupungua kwa umri. Shangazi aliwekewa glasi sita, nyingi kabla ya magharibi ili usiku asiamke. Mwenye maradhi ya moyo au figo aliyeambiwa apunguze maji asiufuate mfano huu pasipo kumwuliza daktari wake.

Na juu ya choo cha kuchuchumaa tuliweka kiti cha mbao kilichotobolewa, na kibao cha kuinua miguu ili magoti yapande juu ya nyonga. Huketi hapo kila siku baada ya chai ya asubuhi, dakika kumi, kwa kuwa chakula kikiingia tumboni utumbo mpana hujisukuma wenyewe. Baada ya majuma matatu akawa apata haja siku nne au tano kwa juma, na mswala ukarudi mahali pake.

Limebaki suala la mashine. Mtoto wake alikuwa amekwisha kuuza ng'ombe ili alipie kipimo kikubwa. Daktari alimwambia kwamba kufunga choo peke yake hakuhitaji picha. Eksirei ya tumbo huweza kuonyesha choo kilichojaa pale kidole kisipoeleza, na si zaidi. Lakini aliuliza jambo moja kwa makini: nani aliyesema bibi ana upungufu wa damu? Hapana aliyeipima. Ikapimwa, pamoja na sukari, chumvi za damu na tezi ya shingoni, ambayo ikilegea huweza kufunga choo. Damu ilikuwa gramu 12.8, na akiba yake ya madini ya chuma ilikuwa nzuri, basi vidonge vile vikaachwa. Ingalikuwa imepungua kwa kukosa chuma, habari ingaligeuka, kwa sababu mzee apungukiwaye chuma huenda akawa anavuja damu ndani ya utumbo, na hapo ndipo kamera hutiwa katika utumbo mpana kutafuta uvimbe au saratani. Kadhalika kama angekuwa na damu katika choo, au kukonda bila sababu, au nduguye wa damu aliyepata saratani ya utumbo, au kubadilika kwa choo kusikoelezwa na dawa wala chakula. Kipimo hicho si mchezo kwa mzee. Hutanguliwa na dawa kali ya kusafisha tumbo iwezayo kumkausha, na mara chache utumbo hutoboka. Kwa hiyo hufanywa kwa sababu, si kwa wasiwasi.

Ziko dalili nyingine zisizongoja kesho: tumbo kuvimba na kukaza, kutapika, maumivu yajayo kwa mawimbi, na kutopata choo wala hata upepo. Utumbo huenda umeziba au umejisokota, jambo litokealo kwa wazee waliofunga choo miaka mingi. Huyo hapewi haluli wala sanamaki wala chakula. Hupelekwa hospitali usiku ule ule, na picha ya siti skani hapo ni haki yake.