Maji ya Kusuuzia Kikombe

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimefika Wandegeya nimelowa chepechepe. Futari bado saa nzima, basi niandike.

Tarakimu za bureti zimenikataa leo. 25.85. Halafu 26.30. Halafu 25.60. Iodati ileile, pipeti ileile ya mililita 25, mkono uleule. Mzee wa maabara kaangalia daftari, kaondoka kimya. Bora angenigombeza.

Iodati ya potasiamu sina wasiwasi nayo. Niliikausha nyuzi 120 kwa saa moja, nikaiacha ipoe pasipo unyevu, nikapima gramu 0.1784 kwa lita. Isiyoaminika ni thiosulfeti: fuwele zake hupoteza maji zikikaa, na bakteria huila ikiwa majini. Ndiyo maana nilichemsha maji kwanza, nikatia chembe ya kabonati ya sodiamu. Gramu 1.24 kwa lita. Chupa nimeiandika 0.005, lakini hiyo ni nia yangu tu, mpaka iodati ithibitishe. Na thiosulfeti hata ikiwa dhaifu ingenipa tarakimu moja mara tatu. Hizi zinatangatanga. Kosa liko mkononi mwangu au machoni.

Jumanne, 4 Machi

Lilikuwa kwenye wanga!

Mzee alisimama nyuma yangu. "Mwanangu, wanga unautia saa ngapi?"

"Mwanzoni, Mzee. Pamoja na iodidi na asidi."

Akavuta stuli akakaa. Wanga, akasema, una minyororo iliyojipinda kama springi, na iodini huingia ikajipanga humo ndani. Iodini ikiwa kidogo hutoka upesi. Ikiwa nyingi inang'ang'ania: iliyo nje imekwisha kuliwa na thiosulfeti, ya ndani bado inatoka kwa kusuasua, na wewe unaona bluu, unaongeza tone, unaongeza tone. Hapo ndipo mililita zangu zilipopotelea. Tena asidi yenyewe huuvunjavunja wanga ukikaa nayo muda mrefu.

Tukaanza upya bila wanga. Iodati, iodidi, asidi, na papo hapo hudhurungi. Nikafungua bureti. Chungwa. Manjano. Manjano hafifu. "Simama." Akaniwekea karatasi nyeupe chini ya chupa, akanivuta hadi dirishani, maana taa ya mle ndani ni ya njano na inaifukia rangi hii kabisa. "Unaona nini?"

Niliona maji ya kusuuzia kikombe cha chai. Hayo hasa.

"Sasa tia wanga."

Mililita mbili, bluu ya wino ikafumka. Tone. Tone, huku nikitikisa. Nusu tone limening'inia kwenye ncha, nikaligusisha ukutani mwa chupa, nikalisukuma kwa maji. Bluu ikaondoka yote kwa mkupuo, kama mtu kazima taa. 25.40. Halafu 25.35. Halafu 25.40.

Moyo wangu ulikuwa unadunda kweli.

Hesabu niiweke hapa. Iodati moja inazaa iodini tatu, kila iodini inakula thiosulfeti mbili, basi sita kwa moja.

0.1784 ÷ 214.00 × 0.025 × 6 ÷ 0.02538 = 0.00493

Hiyo ndiyo nguvu yake. Nimefuta 0.005 kwenye chupa, nimeandika upya na tarehe.

Alhamisi, 6 Machi

Nilimaliza, nikaenda kuosha pipeti, kurudi nakuta bluu imerejea. Nikashika bureti niongeze. Mzee akanizuia mkono: "Usiifukuze hiyo."

Zilikuwa zimepita dakika kadhaa. Ni hewa: oksijeni inaigeuza iodidi kuwa iodini ndani ya asidi, polepole. Tarakimu ni ile ya bluu ilipoondoka mara ya kwanza. Ingerudi pale pale, ndani ya sekunde chache, hapo ningekuwa na la kuuliza.

Wanga wa wiki iliyopita umetoa zambarau ya wekundu badala ya bluu. Nimeumwaga, nimechemsha mwingine.

Ijumaa, 7 Machi

Nguvu ya thiosulfeti naijua, basi ni kupima iodini ya chumvi ya Owino, hatimaye. Gramu 10, maji mililita 50, asidi ya salfuriki 1, iodidi 5, kabatini gizani dakika 10.

Nilipofungua kabati nilishtuka. Tayari ilikuwa maji ya kusuuzia kikombe, na hata tone moja sijatia! Rangi ninayoisubiri mwishoni kwenye iodati, chumvi inaanzia hapo. Ningengoja ibadilike kama Jumanne ningepita mwisho bila kujua. Chumvi inatoa iodini kidogo sana kuliko iodati ya Jumanne. Mililita mbili tu zilitosha kuifikisha ukingoni, manjano ya kubahatisha, nikatia wanga. Mwisho 3.10.

3.10 × 0.00493 × 2115 = miligramu 32.3 za iodini kwa kilo. Nimerudia: 3.10 tena.

Mzee kaweka saini yake chini ya yangu. Hakusema neno, lakini kaacha mezani pakiti ya chumvi ya Katwe, kijivu, punje nene. Ya Jumatatu. Nimeishika kwa muda mrefu kabla ya kuifungia kabatini.