Jiwe la Majirani Wanne

Hati niliyokabidhiwa asubuhi ile ilieleza mahali ilipo nyumba kwa mstari mmoja tu: Kiwanja Na. 41, Kitalu 9, Kibada. Namba nimezibadilisha kwa heshima ya mwenye nyumba, ila muundo ndio huohuo. Kazi yangu ni uthamini wa mali. Mtu akitaka mkopo na kuweka nyumba dhamana, mimi ndiye ninayekwenda kuitazama, kuipima, kuipiga picha na kuandika thamani yake. Nikiitazama nyumba isiyo yenyewe, mtu mmoja atakopeshwa kwa mali ya mwingine.

Kibada, ng'ambo huko Kigamboni, ni sehemu mojawapo iliyopimwa katika ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 jijini Dar es Salaam. Ukitoka kwenye vichochoro vya Manzese ukaingia huko, macho hupumzika: barabara zimenyooka, nyumba zimepangwa safu kwa safu. Nilidhani mahali palipopangwa vile hapawezi kumpoteza mtu. Nilimwambia kijana wa bodaboda anipeleke Kitalu 9, kiwanja namba 41. Akaniuliza, "Kwa nani, bosi?" Sikuwa na jibu. Yeye alijua kwa fundi welda, msikitini, na kwenye duka la mangi, wala hakuwahi kusikia kitalu kikitajwa na abiria.

Tulizunguka mpaka nikaona geti jeusi lenye kibao kilichoandikwa 41. Moyo ukatulia. Mpangaji alinikaribisha, akasema mwenye nyumba yuko safarini. Nilipima kwa tepu, upana mita 20, urefu mita 30, sawasawa na hati. Nikapiga picha, nikaaga, nikarudi mjini kupitia Daraja la Nyerere nikiwa na uhakika kamili.

Usiku, nikichora mchoro wa ripoti, niliifungua ramani ya upimaji na kuikodolea macho. Kiwanja 41 kwenye ramani kilikuwa cha kona. Kilipakana na barabara pande mbili, na pale barabara zilipokutana pembe yake ilikuwa imekatwa mshazari, kama wapimaji wafanyavyo ili dereva aone anayekuja. Nyumba niliyoipima ilikuwa na jirani kulia na jirani kushoto. Haikuwa ya kona hata kidogo. Nilikaa na kalamu mkononi kwa muda mrefu, jasho likinitoka.

Kile kibao kilikuwa cha anwani za makazi, zile zilizowekwa nchi nzima mwaka 2022, ambazo huhesabu nyumba kwa kufuata barabara. Namba ya kiwanja ni kitu kingine kabisa. Huandikwa na mpimaji kwenye karatasi kabla nyumba hazijajengwa, mara nyingi hata kabla barabara haijachongwa. Haikukusudiwa kumwongoza mgeni. Imekusudiwa kutenganisha chako na changu. Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba namba mbili zinaweza kuwa za kweli zote, kila moja ikijibu swali lake, na kosa likawa la yule asiyeuliza namba hii inajibu swali gani. Vipimo navyo havikuweza kuniokoa, maana katika eneo lililopimwa viwanja vya safu moja hulingana kama matofali. Kilichoniokoa ni umbo, na majirani.

Kesho yake nilirudi na ramani yenyewe. Mwenzangu mmoja alinishauri niingize kwenye simu namba za majira zilizoorodheshwa pembeni mwa ramani, ili alama inifikishe moja kwa moja. Alama ikaniweka kwenye uwanja mtupu, mita kama mia tatu kaskazini ya mahali nilipopatarajia. Mpimaji niliyempigia simu alinielewesha kwa subira: ramani zetu nyingi za zamani zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali simu husoma mfumo wa WGS 84. Namba zilezile, zikisomwa katika mfumo mwingine, huangukia mahali pengine. Bila kuzigeuza kwanza, hazifai kutafutia nyumba.

Basi nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Nilikwenda ofisi ya serikali ya mtaa, nikasalimu, nikajitambulisha, nikaitandaza ramani mezani. Mtendaji hakukijua kiwanja 41, lakini alikijua kiwanja cha wazi kilichotengwa kwa michezo ya watoto, nacho kilikuwa kwenye ramani. Hiyo ikawa nanga yetu. Tuligeuza karatasi mpaka mshale wake ukatazama kaskazini kweli, kisha tukahesabu. Safu ilianzia namba 28 ikipanda kaskazini kwa upande mmoja wa barabara hadi 41 kwenye kona, halafu hesabu ikageukia safu ya nyuma na kurudi kusini: 42 mgongoni mwa 41, 43 mgongoni mwa 40. Ndivyo namba za viwanja zinavyotembea mara nyingi, kama jembe linavyokwenda na kurudi shambani. Mtu anayefuata barabara moja tu atakutana na 41, kisha namba zitamkatikia na adhani ramani imekosewa.

Kwenye kona nilikuta nyumba yenye ukuta uliokatwa mshazari. Sikuamini macho yangu peke yake tena. Jirani wa kiwanja 40 alikuwa mzee akimwagilia mchicha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta nini?"

Nilipomwambia, hakunionyesha nyumba. Alinipeleka nyuma ya banda lake la kuku, akapiga magoti, akafagia majani kwa kiganja. Chini yake kulikuwa na bikoni: zege fupi, chuma katikati, alama zake bado zikisomeka. Nililinganisha na ramani, zikawa zilezile. Katika pembe ile viwanja vinne vinakutana, 40, 41, 42 na 43, na jiwe ni moja kwa wote.

"Mafundi walitaka kuling'oa wakijenga ukuta," alisema. "Nikawaambia, jiwe hili si langu peke yangu. Nikilitoa, nimewapoteza watu watatu."

Nimeyabeba maneno yale. Nilikuwa nimeishi nikidhani mpaka ni kitu cha kumzuia jirani, na kwamba kujua mahali pako ni kuwa na namba yako mwenyewe. Kumbe namba 41 haisemi lolote ikiwa peke yake. Inapata mahali kwa sababu 40 ipo kusini yake na 42 ipo mgongoni. Nilimfikiria marehemu baba yangu, ambaye kijijini hakuwahi kuwa na hati. Alijulikana alipo kwa kutajwa walio pembeni yake, na hakuna mgeni aliyempoteza.

Mzee alinisindikiza hadi getini pa 41 na kubisha hodi yeye mwenyewe. Mwenye nyumba alitoka na nakala ya hati yake. Tukazilinganisha, nikapima upya.

Ripoti ile niliianza tofauti na zote nilizoandika kabla. Kabla ya vyumba, bati na thamani, niliandika: upande wa kaskazini na magharibi ni barabara, kusini kimepakana na Kiwanja Na. 40, mashariki kimepakana na Kiwanja Na. 42; bikoni ya pembe ya kusini mashariki imeonekana mahali pake, nyuma ya banda la kuku la jirani.