Kura ya mtoto iliyoondoka na WhatsApp yangu

Niliahidi leo tuongelee kitovu cha mtoto mchanga. Kitovu kitasubiri hadi Alhamisi, maana kuna jambo lilinipata mimi mwenyewe, na wiki hii nimeona mama wawili wa humu wakisambaza linki ya aina ileile. Naomba usome mpaka mwisho, hata kama unanyonyesha kwa mkono mmoja na simu iko kwa mwingine.

Ilikuwa Jumamosi, niko zamu ya usiku. Saa tatu kasoro ikaingia meseji ya WhatsApp kutoka kwa mama mmoja aliyejifungulia kwetu, tumuite Mama Junior. "Dada nesi, naomba kura yako. Mwanangu yuko kwenye shindano la mtoto bora, tumeshika nafasi ya pili, kura zinafungwa saa nne." Chini kuna linki.

Wewe ungekataa? Junior nilimpokea mimi kwa mikono hii. Nikabonyeza.

Ukurasa ukafunguka, picha za watoto watatu, kila mmoja na idadi ya kura zake. Junior yupo, picha ileile mama yake aliyokuwa ameiweka profaili. Nikabonyeza kitufe cha kupiga kura. Ikaja: weka namba yako ya WhatsApp ili kura yako ihesabiwe na mtu asipige mara mbili. Nikaona ni sawa, nikaweka. Hapohapo simu ikalia, meseji ya kawaida yenye tarakimu sita. Ukurasa nao ukafungua kisanduku: andika namba za uthibitisho ulizotumiwa. Nikaandika. Ikaja "Asante, kura yako imehesabiwa." Nikarudisha simu mfukoni, nikaenda kupima joto watoto.

Sasa nikueleze kilichokuwa kinatendeka upande wa pili, kwa sababu ukikielewa hiki hutahitaji kukariri kitu kingine.

Unaponunua simu mpya na kuweka WhatsApp, inakuuliza namba yako, halafu inatuma tarakimu sita kwenye laini hiyo. Ukiziandika, WhatsApp inaamini wewe ndiye mwenye laini na inahamishia akaunti kwenye simu hiyo mpya. Usiku ule, nilipoandika namba yangu kwenye ukurasa wa "kura", kuna mtu mahali fulani aliichukua akaiandika kwenye WhatsApp ya simu yake. WhatsApp ikafanya kazi yake, ikanitumia mimi mwenye laini tarakimu sita. Yeye hakuwa nazo na hakuwa na njia ya kuzipata. Kitu kimoja tu kilibaki, mimi nimpe. Nikampa, nikidhani napiga kura.

Na meseji yenyewe ilinionya! Niliporudi kuisoma baadaye niliona imeandikwa ni namba za WhatsApp, na ina maneno "Don't share this code". Lakini mimi macho yalikimbilia tarakimu tu, kama tunavyofanya wote tukiwa na haraka. Kura za shindano la watoto, namba zinatoka WhatsApp. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka.

Karibu saa nne ikaja simu ya kawaida, mama wa kwenye grupu letu la mama wa watoto njiti. "Nesi, mtoto anaendeleaje? Ile hela imefika?"

"Mtoto gani? Hela gani?"

Grupu lile lina mama 42. Jina langu na picha yangu vilikuwa vimeandika kwamba kuna mtoto wodini anahitaji damu usiku huohuo, imepungua shilingi 60,000, laini yangu ya pesa ina shida, tumeni kwenye namba hii, jina litakuja la mtu wa maabara. Mama watatu walikuwa wameshatuma. Damu kwetu haiuzwi, na hilo mama zangu naliambia kila siku, lakini mama aliyelala wodini wiki tano na mtoto wa kilo moja na nusu akisikia mtoto wa mwenzake anahitaji damu, hakai kuhoji. Huyo mtapeli hakuhitaji kujua chochote kuhusu mimi. Majina ya magrupu yalimwambia yote.

Nikafungua WhatsApp yangu, ikaniambia namba yangu haijasajiliwa tena kwenye simu hii. Nikaanza kusajili upya kama mtu mwenye simu mpya, nikaomba tarakimu sita, zikaja kwenye laini yangu, nikaziandika. Hiki ndicho nataka ukumbuke ikikukuta: pale tu unapoandika tarakimu hizo mpya kwenye simu yako mwenyewe, yule mwizi anatolewa kwenye akaunti. Kwa hiyo usianze kulia, usianze kutafuta fundi. Anza na hilo.

Ila mimi nikakuta mlango wa pili. WhatsApp ikaniomba PIN ya tarakimu sita ambayo sijawahi kuiweka. Mwizi alishaiweka yeye. Kama huijui, unasubiri siku 7 ndipo uingie bila hiyo PIN. Yeye ametoka, na mimi niko nje. Maongezi yangu ya nyuma hakuyapata, maana yale yanakaa kwenye simu yangu, hayahamii kwake kwa tarakimu sita peke yake. Lakini aliona magrupu yangu, na kila aliyeandika usiku ule alikuwa anamwandikia yeye.

Nikapiga simu za kawaida, mama mmoja baada ya mwingine, wengine namba zao nikazitoa kwenye daftari la wodi. Waliotuma hela nikawaambia wapige huduma kwa wateja ya mtandao wao muda uleule, kwa sababu hela ikiwa bado iko kwenye namba ya mtapeli inaweza kuzuiwa. Mmoja aliwahi, yake ikazuiwa. Wawili zilikuwa zimeshatolewa. Mmoja wa hao wawili ni mama anayeuza maandazi, na 60,000 ile ilikuwa mtaji. Nimemrudishia mimi, kidogo kidogo, kwa miezi mitatu. Hakunidai. Ila lilikuwa jina langu.

Lakini hela siyo iliyoniuma zaidi. Kulikuwa na mama ambaye mtoto wake alitoka wodini na kilo 1.7, Jumatatu alitakiwa arudi kupimwa uzito. Hakuja. Nikapiga, hapokei. Nikatuma meseji ya kawaida, kimya. Alikuwa ameambiwa na wenzake, "Namba ya nesi imeingiliwa, usiipokee." Akafuata ushauri, na ulikuwa ushauri mzuri! Ilibidi mhudumu wa afya wa mtaa wao aende kugonga mlango. Akaja Alhamisi. Mtoto wa uzito ule tunategemea aongeze kama gramu 25 kwa siku, na huyu ndani ya siku kumi alikuwa ameongeza 70 tu. Ananyonya anachoka, analala kabla hajashiba. Tukaanza kukamua maziwa na kumlisha kwa kikombe baada ya kila nyonyo, akapanda. Lakini fikiria angekaa wiki nyingine mbili kwa sababu sauti yangu imeshakuwa sauti ya mtapeli.

Na Mama Junior je? Hakuwahi kunitumia chochote. Akaunti yake ilichukuliwa mchana wa siku ileile, kwa kura ya mtoto wa dada mmoja wa kwaya yao. Ndivyo inavyotembea, kutoka kwa unayemwamini kwenda kwa anayekuamini.

Basi utajuaje? Jiulize swali moja: namba hizi zimetoka kwa nani? Soma meseji nzima. Kama imeandikwa WhatsApp, basi hizo ni funguo za WhatsApp yako, haijalishi ukurasa unaziita kura, sahihi ya ombi la barabara, au dua. Kura halali za kwenye simu nyingi ni wewe kutuma neno kwenda namba fupi, na hakuna kinachorudi ukatakiwa kumpa mtu. Ombi halali la kukusanya sahihi mtandaoni kwa kawaida linataka jina na barua pepe. Ukiona linataka tarakimu za kitu kingine, ondoka. Na kabla ya yote mpigie aliyekuomba kura, simu ya kawaida, umsikie sauti.

Kuna sura nyingine ya mchezo huu, na mama wawili niliowataja walikuwa karibu kuingia humo. Hapa ukurasa haukuombi tarakimu za meseji, unakupa wewe. Unakuonyesha herufi na tarakimu nane, unakwambia fungua WhatsApp, nenda Linked devices, uziandike ili kura ithibitishwe. Ukifanya hivyo umeunganisha kompyuta ya mwizi na akaunti yako. Hii ni mbaya kwa namna yake, kwa sababu simu yako haizimiki wala hutolewi. Unaendelea kuchati huku mtu anasoma pamoja nawe, na picha za kadi ya kliniki ulizomtumia shangazi anaziona. Sasa hivi ingia Linked devices uangalie. Ukikuta kifaa usichokijua, kibonyeze, kisha Log out.

Halafu weka PIN yako mwenyewe kabla mwizi hajakuwekea yake. Settings, Account, Two-step verification, Turn on. Chagua tarakimu sita, zisiwe tarehe ya kuzaliwa mtoto, maana hiyo tumeshaipamba kwenye keki na kuipiga picha. Weka na barua pepe unayoweza kuifungua, ili ukisahau PIN uirudishe. Ukiwa nayo, hata ukiteleza ukatoa zile tarakimu za meseji, mwizi anakwama kwenye PIN. Lakini haizuii ile njia ya kuunganisha kifaa, na haina maana ukiiandika na yenyewe kwenye ukurasa wa kura.

Namba ya mtapeli usiifute tu. Kwa walioko Tanzania, tuma neno UTAPELI kwenda 15040, ufuate maelekezo.

Mimi grupu langu lina utaratibu mpya. Siombi hela kwenye grupu, hata iwe nini. Ukiona jina langu linaomba, siyo mimi. Na nikikupigia kuhusu mtoto nitakutajia uzito aliotoka nao wodini. Nisipoutaja, kata simu.

Alhamisi ni kitovu. Usiweke dawa ya meno mpaka tuonane.