Miwani ya zamani ya mwalimu wa Kalemie: inaharibu macho ao hapana?

Kalemie, jimbo la Tanganyika. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwenye miaka 52, alikalia miwani yake katikati ya wiki ya kusahihisha mitihani, na vioo vyote viwili vikapasuka. Kwenye droo ya meza alikuwa na ile ya zamani, aliyoiacha miaka sita iliyopita munganga alipomwongezea nguvu ya vioo. Akaivaa. Mke wake hakufurahi: "Papa, miwani isiyo ya kipimo chako itakumaliza macho." Majirani walisema vilevile, na mmoja akashauri afadhali kukaa bila miwani kabisa.

Kwa mtu mzima, si kweli. Kioo cha miwani kinapinda mwanga tu kabla haujafika kwenye jicho. Ukikivua, jicho linabaki kama lilivyokuwa. Kinachopatikana ni uchovu, na uchovu huo una hesabu yake.

Kusoma daftari lililo sentimita 33 mbele ya uso kunadai nguvu 3, kwa kipimo ambacho waganga wa macho wanakiita dioptri. Kijana anazitoa zote mwenyewe, kwa lenzi ndogo iliyo ndani ya jicho. Mtu akipita miaka 50, lenzi hiyo imekuwa ngumu, naye amebaki na nguvu kama 2 ao zaidi kidogo. Miwani iliyovunjika ilikuwa inampa mwalimu 2,25, kwa hiyo jicho liliongeza 0,75 tu. Ile ya droo inatoa 1,50, na jicho linadaiwa 1,50 iliyobaki, karibu yote lililo nayo. Ni kama gunia ambalo mtu anaweza kulinyanyua, lakini si kulibeba saa tatu. Ndiyo sababu madaftari ya kwanza yalisomeka vizuri, kiisha kichwa kikaanza kuuma juu ya nyusi na herufi zikaanza kuelea. Alipolala, yote yakapita.

Kusukuma daftari mbali kulimsaidia: kwenye sentimita 50 kusoma kunadai 2 tu. Kuacha taa yake ndogo ya sola kulimsaidia pia. Katika mwanga hafifu mboni ya jicho inapanuka, na kosa lolote la kioo linaonekana zaidi. Akahamisha kazi mchana, karibu na mlango.

Siku ya tatu, alipojifuta jicho la kushoto, aligundua kwamba la kulia peke yake linaona ukungu, hata daftari likiwa mbali. Mke akasema, "Si nilikuambia?" Mwalimu mwenyewe akaamini, akaanza kutafuta pesa za miwani mpya.

Munganga wa macho hakuanza na vioo. Alichukua kipande cha kartoni, akakitoboa kwa pini tundu la kama milimita 1, akamwambia avae miwani yake, afunike jicho moja, na kusoma kupitia tundu hilo kwenye mwanga wa kutosha. Tundu dogo linapitisha uzi mwembamba tu wa mwanga, ambao hauhitaji sana kioo cha kuukusanya. Herufi zikisafika, kosa kubwa ni la kipimo cha miwani. Zikibaki na ukungu, shida inatafutwa ndani ya jicho. (Kusafika hakuonyeshi kwamba jicho ni zima: presha ya macho kwa kawaida inakula pembeni kwanza, na tundu haliioni.)

Jicho la kushoto lilisafika mara moja. La kulia halikusafika. Munganga alipolimulika aliona mtoto wa jicho ameanza: ile lenzi ya ndani inapoteza uangavu wake polepole. Miwani ya droo haikuuleta, ilikuwepo tu siku ulipoonekana.

"Mwalimu, vioo vipya vingekula pesa yako bure kwa jicho hili," munganga akamwambia. Akamruhusu aendelee na ile ya zamani kwa kusoma, mpaka watakapopanga upasuaji.

Mama akauliza sasa juu ya mjukuu wao wa miaka 6, ambaye bado anavaa miwani ya mwaka juzi. Hapo jibu likabadilika. Mtoto wa umri huo, ubongo wake bado unajifunza kuona. Jicho moja likipata picha ya ukungu kwa muda mrefu, ubongo unaliacha na kufuata lile lingine, na baadaye hata miwani sahihi inaweza isilirudishe.

"Huyo," munganga akasema, "mmulete kesho asubui."